Rafu za Divai za Bwana Mstari

Faradji bin Kassimu alikuwa na tabia moja iliyomchosha sana mke wake: hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kuugonga ukuta. Anasalimia, anauliza habari za watoto, anapokea kiti, na wakati wote huo vidole vyake viko ukutani vinagonga. Mwenye nyumba anasema, "Karibu chakula," naye anajibu, "Asante, lakini hii kona yako inakuja nje." Mwamvita, mke wake, alikuwa anatamani ardhi impasukie. Kwa tabia hiyo walikosa mialiko mingi pale Kasongo.

Lakini hakuwa anakosea. Kona ilikuwa kweli inakuja nje.

Ufundi wa uashi aliupata misheni, ingawa yeye ni Mwislamu na mtoto wa Waislamu. Frère mmoja mzee, mtawa wa kizungu, alihitaji mtu mwenye mikono, hakuuliza anaswali wapi. Kazi ya kwanza aliyopewa peke yake ilikuwa tanuri la mkate, lile lenye kuba. Aliliinua tofali juu ya tofali, kila mzunguko ukiingia ndani kidogo, mpaka akafunga juu. Likasimama zuri kabisa, bila kuzungushiwa kitu chochote, maana kijana alitaka watu waone mkunjo wake. Siku ya tatu ya kuwasha moto, kuba likapasuka nyufa za wima, kuanzia chini kupanda juu, na pindo lake likafunguka pande zote.

Frère akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akamfundisha. Tofali, akasema, ukilibana linavumilia kuliko wewe. Ukilivuta linaachia mara moja. Katika kuba, kila tofali linataka kuanguka, na linazuiwa na majirani zake wanaolibana. Mzigo unashuka kwa kufuata mkunjo, lakini ukifika chini hauji wima: unasukuma nje. Lazima kitu kiurudishe. Wakafunga kiuno cha tanuri kwa pete ya chuma ya pipa, wakajaza udongo na mawe kuzunguka pindo lake, na mkate ukaokwa pale miaka mingi. Tangu siku hiyo Faradji akawa anagonga kuta za watu.

Sasa tuje Kabambare, mwaka wa arobaini na tatu, wakati wa vita yao ya Ulaya.

Pale Kabambare palikuwa na mkubwa wa teritware, yaani wilaya, Mbeleji, ambaye watu walimpa jina la Bwana Mstari. Alipenda mistari. Barabara iwe mstari, mihogo iwe mstari, watu wakija kulipa kodi wawe mstari, na mti uliojitokeza nje ya mstari ulikatwa. Serikali ilikuwa inataka utomvu wa mpira wa porini kwa ajili ya vita, kila mwanaume siku mia moja na ishirini za kazi ya lazima kwa mwaka, na asiyetimiza analala gerezani. Basi gereza lilijaa. Shida ni kwamba gereza lenyewe lilikuwa la majani, na wafungwa walitokea juu usiku wakaenda kwa wake zao. Mabati hayakuja, vita ilikuwa imeyameza. Bwana Mstari akasikia kwamba Kasongo kuna mwashi anayeweza kufunga nyumba kwa matofali matupu, hata juu. Akatuma watu wamlete, na kumleta mtu wakati ule maana yake ni kumleta. Hukuulizwa kama una nafasi.

Faradji akaja na mke wake na mtoto wao Heri. Akafurahi kuja, kwa kuwa shemeji yake Moustapha, mdogo wake Mwamvita, alikuwa mmoja wa hao wafungwa. Alikuwa ameleta mpira nusu ya kipimo. Angalau wangeweza kumpelekea chakula.

Akajenga. Vyumba vitatu vimeambatana kama sanduku tatu kwenye rafu moja, kila kimoja na paa lake la tao, refu kutoka mlangoni mpaka nyuma. Alitengeneza umbo la mbao, akalitandika matofali juu yake kuanzia pande zote mbili, akafunga katikati, akaacha siku kadhaa likauke, kisha akalegeza kabari kidogo kidogo na kulitoa. Tao likatulia. Upande wa kushoto chumba cha kwanza kiliegemea kilima, alikuwa amechimba humo. Upande wa kulia, nje ya chumba cha tatu, hapakuwa na kilima, palikuwa na hewa tu. Pale Faradji akasimamisha mategemeo matatu ya tofali, minara mifupi iliyobandana na ukuta, minene chini na myembamba juu. Akaugonga ukuta mzima kwa vidole, akasikia sauti anayoitaka, akanawa mikono.

Na hayo mategemeo ndiyo yaliyoleta balaa.

Serikali haikulisha wafungwa vizuri, hilo halihitaji kuelezwa. Wake zao na dada zao walitembea kutoka vijijini, wengine kutoka Wamaza, na sufuria vichwani. Walifika wamechoka, na kati ya tegemeo na tegemeo palikuwa na kivuli. Basi wakakaa. Juu yao kulikuwa na matundu ya hewa. Wakaanza kuongea na wafungwa kupitia matundu. Baada ya wiki mbili pale pakawa baraza: mmoja anasuka nywele, mwingine anachambua mchele, mwingine anaigiza jinsi Bwana Mstari anavyotembea, matako nyuma na kipimo mbele, na chumba cha tatu kizima kinacheka.

Siku moja Bwana Mstari alikuwa amesimama kwenye kona. Aliona tamthilia yake yote.

Akamwita Faradji ofisini. Pembeni alikuwa karani Raphaël, kijana mwenye miwani isiyo na kazi na viatu vinavyong'aa, ambaye alikuwa anatafsiri hata kikohozi cha bosi wake.

"Ile miguu ya tofali inje," akasema Bwana Mstari kwa Kingwana chake, Kiswahili cha kuokoteza. "Iko kubeba nini?"

"Haibebi kitu, Bwana. Inazuia."

"Kuzuia nini? Mimi iko kuona pale hewa tu."

Faradji akajaribu kueleza. Alipoona maneno hayaingii, akaomba ruhusa, akamshika Raphaël na polisi mmoja akawasimamisha wakitazamana, mbali kidogo, kisha akawaambia waegemeane viganja kwa viganja. Wakawa tao. Sakafu ya ofisi ilikuwa ya saruji iliyosuguliwa kwa nta kila asubuhi. Viatu vya Raphaël vikaanza kwenda nyuma. Vikaenda polepole, naye akawa anashuka na uso wake mbele ya bosi, mpaka Faradji akaweka mguu wake nyuma ya kisigino cha karani. Raphaël akasimama pale pale alipokuwa, ameinama, jasho linamtoka.

"Huu mguu wangu, Bwana," akasema Faradji, "haubebi kitu. Sasa nautoa." Akautoa. Karani akaenda chini na miwani yake.

Bwana Mstari akavitazama vile viatu vinavyong'aa. "Karani," akasema, "viatu yako iko mbaya."

Kisha akachukua kipimo chake, akaenda kupima. Akapima ukuta wa nje wa chumba cha tatu, akapima ukuta wa katikati kati ya chumba cha pili na cha tatu. Unene ni ule ule, tofali moja na nusu. Akarudi na furaha ya mtu aliyekamata mwizi. Ukuta wa katikati hauna miguu, na umesimama! Kwa nini ukuta wa nje utake miguu? Faradji akamweleza kwamba ukuta wa katikati unasukumwa na tao la huku na tao la huku, kila moja kwa nguvu ile ile, kwa hiyo haujui uende wapi, unabaki. Ule wa nje unasukumwa upande mmoja tu.

"Utavunja ile miguu," akasema Bwana Mstari. "Wewe mwenyewe. Hakuna miguu, hakuna mbao, ukuta unyooke. Ukikataa, fimbo, na utalala pale na ndugu ya bibi yako."

"Paa litaanguka, Bwana. Likianguka la tatu, ukuta wa katikati utabaki unasukumwa upande mmoja, la pili nalo litafuata. Ndani iko watu."

"Siku kumi," akasema Bwana Mstari.

Nyumbani Mwamvita alisikiliza yote bila kuacha kutwanga sombe, majani ya mihogo. Alipomaliza akauweka mchi chini. "Baba Heri," akasema, "ukivunja wewe, utakuwa umemzika Moustapha kwa mikono yako. Na mimi sitaweka tena sahani mbele ya mikono hiyo." Hakupandisha sauti. Faradji angependa apandishe.

Mtu ana hasira, sawa. Faradji alikuwa na hasira mpaka meno yalimuuma. Lakini hasira haijengi. Alikwenda kukaa chumba cha tatu, akiwa na ruhusa ya kupima, katikati ya wafungwa ishirini, na Moustapha pembeni yake. Akagonga ukuta wa nje. Akageuka, akagonga ukuta wa katikati. Akagonga tena.

"Shemeji, unatafuta nini?" Moustapha akamuuliza. "Mlango uko kule."

"Mko na baridi humu," akajibu Faradji.

"Baridi sana. Hii ndiyo nyumba moja Kabambare ambayo mchana haichomi."

Faradji akasimama. Nyumba ya Bwana Mstari ilikuwa na mabati, ya zamani, na mchana ilikuwa kaango. Kila mtu alijua kuhusu chupa zake za divai, sanduku nne zilizofika kabla vita haijafunga bahari, na jinsi zilivyokuwa zinageuka siki moja baada ya nyingine. Mpishi alisema Bwana analia zaidi kwa ajili ya chupa kuliko kwa ajili ya Ubelgiji.

Hakwenda kwa Bwana Mstari. Alikwenda kwa Raphaël. Mawazo ya Mwislamu mwenye udongo kwenye kucha yasingeingia, lakini ya karani yangeingia. Akamwambia kwa kupitisha tu, kama mtu anayelalamika, kwamba ni aibu kweli: mahali penye baridi kuliko pote wamepewa wavivu wa mpira, na Bwana anateseka na divai yake, na karani naye anaandika katika joto. Raphaël akasema, "Mm." Kesho yake asubuhi karani akawa na wazo. Adhuhuri Bwana Mstari naye akawa na wazo, lile lile, lake mwenyewe. Wafungwa wa chumba cha tatu wakasukumwa vyumba viwili vilivyobaki, ishirini juu ya arobaini, Moustapha akaingia cha pili. Chumba cha tatu kikawa ghala la divai na ofisi ya mchana.

"Divai inataka rafu, Bwana," akasema Faradji kwa upole. "Tuanze na rafu kabla ya kuvunja. Chupa zisikae chini na vumbi."

Bwana Mstari aliona kwamba, kwa mara ya kwanza, huyu mtu anaongea akili.

Basi Faradji akajenga rafu. Alichimba kwanza msingi ndani ya sakafu, kina cha mkono mzima. Akainua kuta fupi tatu za tofali, zimebandana na ukuta wa katikati, na kila safu ya nne akatoboa ukuta akaingiza tofali ndani yake ili ving'atane. Chini zilikuwa nene hatua mbili, juu zikapungua, na zikapanda mpaka pale tao linapoanzia. Kati yake akaweka mbao mbili tatu za kulazia chupa, hizo ndizo zilizokuwa rafu.

Bwana Mstari akapita na kipimo. "Kwa nini nene hivi? Kwa chupa?"

"Divai haipendi kutikiswa, Bwana."

Raphaël akatafsiri. Bwana Mstari akaitikia kwa kichwa, mjuzi kwa mjuzi. Alikuwa amesimama ndani ya mategemeo yale yale aliyoyafukuza nje, amezihesabu kuta tatu, amezipima, na hakuona kitu. Ndipo Faradji akatoka na nyundo, akayavunja mategemeo ya nje. Aliyavunja mbele ya polisi, mbele ya wanawake waliokuwa wamesimama mbali na sufuria zao, na kabla ya pigo la kwanza akasema kwa sauti ya kusikika, "Bwana, nasema tena: hii itaanguka." Bwana Mstari akamwambia anyooshe ukuta vizuri.

Mwamvita hakumsemesha siku hizo. Sahani aliiweka, lakini aliiweka sakafuni. Faradji hakumweleza kitu kuhusu rafu. Mdomo wa Kabambare aliujua, na siri ikifika baraza la wanawake inafika kwa mpishi, na ikifika kwa mpishi imekwisha.

Wiki ya pili ufa ukatokea katikati ya tao, upande wa ndani, mwembamba, umekwenda kutoka mlangoni mpaka nyuma. Ukuta wa nje ulikuwa unaondoka kidogo kidogo, tao linapanuka na kulala. Faradji akaenda na chokaa kidogo kwenye kiganja, akaupaka ufa kibandiko cha ukubwa wa sarafu, akamwonyesha Raphaël.

"Karani, mimi na wewe hatupendani. Lakini una mama. Siku utakayokuta hiki kimekatika, usikae humu. Na umwambie Bwana."

Raphaël akakitazama kile kibandiko kila asubuhi. Baada ya mvua mbili kubwa, msingi wa nje ukalowa. Asubuhi moja kibandiko kilikuwa vipande viwili, na kati yao unaingiza kidole. Karani akatoka nje taratibu, akaomba ruhusa ya kuumwa tumbo, akaenda kulala kwao. Kuhusu ufa hakumwambia Bwana neno lolote. Hakuulizwa.

Kilichomwokoa Bwana Mstari ni tumbo lake mwenyewe. Saa saba alikwenda kula nyumbani, akala sana, akalala. Saa nane ukuta wa nje wa chumba cha tatu ukalala nao, kuelekea nje, wote kwa pamoja, na tao likashuka nyuma yake. Vumbi jekundu likafunika boma.

Mwamvita alikuwa njiani na wali wa Moustapha. Aliangusha sufuria, akakimbia. Faradji alikuwa amefika kabla yake, na alikuwa hafanyi kitu chochote, amesimama tu na mikono yake imelegea. Vumbi likashuka. Chumba cha tatu kilikuwa rundo. Ukuta wa katikati ulikuwa umesimama, na kuta zile fupi tatu zimeuegemea kwa nje, maana sasa palikuwa nje, na kwenye ubao mmoja chupa sita zilikuwa zimelala hazijavunjika. Ndani ya chumba cha pili watu walikuwa wanakohoa na kupiga kelele, na sauti moja ikamtukana Faradji kwa kina, kwa Kibangubangu. Ilikuwa ya Moustapha.

Mwamvita akazitazama zile rafu. Akamtazama mume wake. "Wewe," akasema, kisha akakaa chini kwenye matofali akalia, na Faradji akakaa karibu naye.

Baada ya siku nane mkubwa mmoja akaja kutoka Kasongo kuchunguza. Alikuwa mtu aliyesoma mambo ya majengo. Aliangalia ukuta ulioanguka akatikisa kichwa, akaangalia kuta tatu zilizozuia mengine akauliza ni nani mwenye busara ya kuziweka. Bwana Mstari akavuta koti lake chini. Akasema ni yeye, kwa tahadhari, kwa kuwa hakuwa na imani na kazi ya huyu mwashi. Raphaël, aliyepona tumbo, akaandika. Mkubwa akampa mkono Bwana Mstari, na kabla ya mwaka kwisha Bwana Mstari akapandishwa cheo, akapelekwa mji mkubwa wenye mistari mingi.

Faradji alipewa miezi sita kwa kazi mbovu.

Kabla hajafungiwa walimpa kazi moja ya mwisho: kupachika kibao cha saruji kwenye tegemeo la katikati, kwa Kifaransa, chenye jina la Bwana Mstari na neno kuhusu kuona mbali. Alikipachika. Alikipima na timazi, akakinyoosha sawasawa, kwa kuwa hakujua kufanya vingine. Kisha wakamwingiza chumba cha pili, na Moustapha akamwachia nafasi ubavuni mwa ukuta wa katikati, mahali ambapo wafungwa wengine waliogopa kulala.

Ule ukuta, tangu mwanzo, Faradji aliuachia matundu ya hewa juu. Kesho yake adhuhuri akasikia upande wa pili sufuria inawekwa chini, na nyingine, na nyingine. Kulikuwa na kivuli kati ya kuta zile tatu. Wanawake walikuwa wamerudi.

"Baba Heri," sauti ya Mwamvita ikaja kupitia tundu. "Uko hapo?"

"Niko."

"Pale mlipoandika jina la yule mtu, pametokeza vizuri. Nimetundika kitambaa changu cha sufuria, kinakauka."

Faradji akagonga ukuta kwa vidole, akasikiliza. Halafu akaegemea, akanyoosha miguu, akasubiri wali.